Gesi inayoishia kwenye mvuke

Kabla ya kukata kifurushi cha intaneti ambacho watoto wanakitumia kusomea, tazama sufuria ya maharage. Maji yakishachemka hayaongezi joto hata ukiwasha moto mkubwa; kinachoongezeka ni mvuke. Na mvuke ni ghali: kuikausha lita moja ya maji yanayochemka kunakula joto karibu mara saba ya lile la kuyachemsha kutoka ubaridi wa kawaida.

Chukua nusu kilo ya maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika kumi, hasa maharage mekundu, maana mabichi yana sumu. Kisha funika, punguza moto hadi mapovu madogo yaonekane kwa mbali. Nyanya na ndimu zisubiri yaive, kwani uchachu huyafanya yabaki magumu. Maharage ya zamani yatachelewa tu, hata ukifanya yote haya.

Moto ukiwa wa njano na sufuria ikipata masizi, gesi haiungui vizuri. Zima jiko, liache lipoe, uzibue matundu yake.