Maswali ya kunakili, maswali ya kusoma kwenye simu

Mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, mwenye simu na daftari moja, asinakili mtihani mzima wa Hisabati. Kwanza apitie mitihani ya miaka mitano na kuandika mada ya kila swali. Mada zinazojirudia ndizo za kuanza nazo.

Swali fupi la logi lisomwe kwenye simu, kisha simu ilazwe kifudifudi. Linalostahili wino ni lenye jedwali au mchoro, maana kioo kidogo hulikatakata. Chukua takwimu: alama 10–19 wanafunzi 3, 20–29 watano, 30–39 wawili. Nakili jedwali, uache nafasi ya safu mbili. Alama za katikati ni 14.5, 24.5 na 34.5, zidisha kila moja kwa idadi yake, jumlisha upate 235, gawa kwa 10: wastani 23.5. Wengi hugawa kwa 3, idadi ya makundi, wakapata 78.3. Wastani uliopita 39 haujakaa sawa, na hilo utaliona bila kitabu cha majibu.

Baada ya wiki, funika safu zako ulifanye upya. Likikushinda, nakili la mwaka mwingine.