Jengo kwa Ratiba, Programu kwa Majaribio

Chukua mradi wa kujenga kituo cha afya chenye mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa. Kwa kila sehemu, uliza kwanza: tukibadili mawazo baadaye, itatugharimu nini? Zege la msingi likishaganda, kuhamisha ukuta ni kubomoa. Kwa hiyo michoro, vibali na ununuzi wa nondo hupangwa mwanzo hadi mwisho. Fomu ya kuandikisha mgonjwa ni kitu kingine. Kasoro zake huonekana karani wa mapokezi anapoitumia foleni ikiwa ndefu, hivyo hutengenezwa kwa awamu za wiki mbili mbili, na kila awamu huishia kwa karani kuijaribu na kusema kinachomkwamisha.

Shida hujificha pale pande hizi mbili zinapokutana. Mabomba ya nyaya hulazwa ukutani kabla ya lipu, kwa hiyo idadi ya meza za kompyuta lazima iamuliwe mapema, hata kama fomu yenyewe bado inabadilika. Tarehe ya uamuzi huo iandikwe kwenye ratiba ya mkandarasi na kwenye orodha ya kazi za watengeneza programu. Ukiona fundi anatindua ukuta uliokwisha kupigwa lipu, shuku kwamba haikuandikwa. Mimi ningelaza pia mabomba mawili matupu ya akiba; gharama yake ni ndogo kuliko kutindua.