Saa 8 za Mpiga Picha: Kusoma Wasifu Wake Kabla ya Kutoa Advansi

Kikao cha nne cha kamati ya harusi, na simu inazunguka mkono kwa mkono. Mwenyekiti anataka jina la mpiga picha lipitishwe usiku huu huu. Mhazini anataka kujua bei. Kwenye kioo cha simu, kwenye orodha ya watoa huduma za sherehe, kuna picha ya bibi harusi amesimama kwenye mchanga, shela limebebwa na upepo, na chini yake mistari minne: “Picha mnato na video. Saa 8. Mtindo: matukio. Eneo: Dar na Pwani.”

Hakuna uongo hapo. Lakini kila mstari kati ya hiyo minne unaweza kusomwa kwa namna mbili, na mara nyingi kamati husoma namna moja huku mpiga picha akiwa amemaanisha nyingine. Wasifu wa aina hii, wenye huduma, mtindo na eneo, ndio siku hizi unaowakutanisha watu na wapiga picha, wapambaji, washereheshaji na wapishi. Ni muhtasari wa mkataba ambao bado haujaandikwa.

Tuanze na hiyo “saa 8”. Kwa Kiswahili chetu, saa nane ni wakati na pia ni muda. Kuna aliyeisoma akaelewa kwamba mpiga picha anafika saa nane mchana. Mpiga picha mwenyewe amemaanisha kazi ya masaa manane, kuanzia pale kamera inapotoka kwenye begi. Saa ya kwenye simu nayo huongeza utata: ujumbe ukisema “tuanze 8:00”, kuna atakayefika saa mbili asubuhi na kuna atakayefika saa nane mchana, na wote wawili wana haki. Ndiyo maana wapiga picha wazoefu huandika “jumla ya masaa 8, kuanzia saa 4 asubuhi”, na neno asubuhi, mchana au usiku halikosekani.

Sasa tuweke hayo masaa manane juu ya harusi ya mfano, Jumamosi moja Dar es Salaam. Bibi harusi yuko saluni Sinza kuanzia saa 4 asubuhi. Ibada ni saa 8 mchana kanisani Kinondoni. Ikiisha, maharusi na wasimamizi wanakwenda ufukweni kupiga picha hadi jua lizame. Ukumbi uko Mbezi Beach. Kadi inasema saa 12 jioni, na kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha ukumbini anajua kwamba maharusi wataingia saa 2 usiku. Keki itakatwa karibu saa 3, kisha chakula, kisha zawadi, na muziki mpaka saa 5.

Mpiga picha akianza saluni saa 4 asubuhi, masaa yake manane yanaisha saa 12 jioni. Wageni ndio kwanza wanatafuta meza zao. Kuingia ukumbini, keki, kulishana, wazazi kukabidhiwa zawadi, vyote viko nje ya alicholipwa. Akianza kanisani saa 8 mchana, anaishia saa 4 usiku. Hapo keki imepatikana, ila saluni imekosekana, na foleni ya zawadi huenda ikamalizika yeye ameshafunga begi. Siku nzima, kutoka saluni hadi saa 5 usiku, ni masaa 13.

Kuna njia tatu za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kulipia saa za ziada, na bei ya kila saa ya ziada ikubaliwe mapema, kwa sababu bei inayotajwa saa 4 usiku maharusi wakiwa jukwaani haina mazungumzo. Ya pili ni kugawa zamu: mpiga picha wa pili ashughulikie saluni peke yake, yule mkuu aanzie kanisani. Ya tatu ni kupunguza shughuli zenyewe, kwa mfano picha za saluni zipigwe nusu saa tu, wakati wa kuvaa shela. Na kabla ya kuchagua, kamati iulize kama mwendo wa gari unahesabiwa. Kutoka Kinondoni hadi ufukweni hadi Mbezi Beach, Jumamosi yenye foleni, saa moja na nusu inaweza kuyeyuka barabarani ndani ya yale manane.

Neno “picha mnato na video” nalo lina swali lake: ni watu wangapi? Mtu mmoja hawezi kushika kamera ya picha na ya video wakati pete zinavishwa. Kwa harusi za Waislamu, hasa pwani na Zanzibar, swali hili ni zito zaidi. Nikaha inafungwa msikitini mbele ya wanaume, huku bibi harusi akiwa nyumbani na wanawake wenzake, na hizo ni sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kwenye shughuli za ndani za wanawake, pale wanapovua mabaibui na kukaa na nywele zao, mpiga picha awe mwanamke, na msaidizi wake pia. Hata hapo kazi haijaisha. Anayehariri picha hizo ni nani? Na zitawekwa kwenye ukurasa wa matangazo? Wasifu ulioandikwa na mtu anayeijua shughuli husema wazi: timu ya wanawake kuanzia kupiga hadi kuhariri, na hakuna picha inayotumika kwa tangazo bila ridhaa ya familia.

Mstari wa tatu ni mtindo, na hapa ndipo maneno yanapoteleza zaidi. Mtindo wa matukio maana yake mpiga picha hapangi watu. Anakaa pembeni, anangoja, na ananasa chozi la baba likidondoka. Mtindo wa kupanga ni wa pozi: shika mkono hivi, inua kidevu, tazama kule. Harusi zetu huhitaji vyote viwili, kwa sababu shangazi aliyesafiri kutoka Songea hataki kunaswa akitafuna. Anataka kusimama na maharusi, mikono imetulia, macho kwenye kamera. Picha za koo na za marafiki zikiwa makundi 15, na kila kundi likachukua dakika tatu kukusanyika, hiyo ni dakika 45. Mpiga picha wa matukio aliyekubali kazi bila kuambiwa hilo atalifanya kwa haraka, na picha zitaonyesha.

Lakini neno halitoshi kueleza mtindo, na picha ya juu ya wasifu inaweza kupotosha. Ile ya ufukweni ina siri ndogo. Jua jekundu linazama baharini nyuma ya bibi harusi. Coco Beach inatazama mashariki, ambako jua huchomoza. Jioni linazama upande wa nchi kavu, nyuma ya majumba. Picha kama ile hupatikana mahali bahari iko magharibi, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mpiga picha hakudanganya, ameonyesha tu kazi aliyoifanya kwingine. Ila anayetaka picha ile ile Jumamosi yake ya Dar es Salaam hataipata. Atakachopata, akifika mapema, ni mwanga laini wa jioni unaowapiga maharusi usoni na bahari ikiwa nyuma yao. Mwanga huo nao haungoji. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 hivi mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Ibada ikichelewa kwa saa moja, kinacholiwa ni muda wa ufukweni.

Kipimo halisi cha mtindo kiko ukumbini usiku. Mchana, nje, kivulini, karibu kila kamera nzuri inatoa picha nzuri. Ukumbini taa za mapambo ni zambarau, buluu na pinki, na rangi hizo hukaa kwenye ngozi: paji la uso la buluu, shavu la pinki, shela jeupe lililogeuka zambarau. Fundi anayejua kazi huja na flashi zake na kuzielekeza darini au pembeni ili ngozi irudi kwenye rangi yake. Asiyejua huokoa picha kwa kuigeuza nyeusi na nyeupe, au huing'arisha wakati wa kuhariri mpaka bibi harusi mweusi tii anatoka maji ya kunde. Kwa hiyo kamati isiombe picha 20 bora. Iombe harusi moja nzima, kuanzia saluni hadi zawadi, kisha ifungue za saa 3 usiku.

Mstari wa mwisho, eneo, unaonekana mwepesi kuliko yote. “Dar na Pwani.” Je, ni pwani ya bahari au Mkoa wa Pwani? Mkoa huo una Kibaha na Bagamoyo, ambako mtu huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Una pia Rufiji, na una kisiwa cha Mafia, safari ya ndege au boti. Mpiga picha aliyeandika Pwani mara nyingi anawazia Bagamoyo. Anachopaswa kusema ni kituo chake kiko wapi, na nauli inaanza kudaiwa akivuka wapi.

Turudi kwenye harusi yetu ya mfano. Upande wa bibi harusi wanafanya sendofu Morogoro, Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Ni kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme inayofika chini ya masaa mawili, kwa hiyo kwenda si tatizo. Tatizo ni kurudi, kwa sababu sendofu ikiisha saa 6 usiku, mpiga picha na msaidizi wake wanahitaji pa kulala. Nauli ya watu wawili, malazi na chakula ni gharama ambazo hazimo kwenye bei ya Dar es Salaam, na mhazini akizikuta baada ya bajeti kupitishwa, michango itabidi ipigiwe simu upya.

Usiku ule wa kikao cha nne, kwenye mfano wetu, mhazini aliomba simu na kumpigia mpiga picha palepale. “Kaka, samahani kwa usiku. Hizo saa nane ni saa nane ya mchana au masaa manane?” Alicheka kidogo upande wa pili. “Masaa, dada. Mnaanzia wapi?” Wakapitia ratiba kuanzia saluni, na baada ya robo saa ujumbe uliingia: “Wapiga picha 2, wa video 1. Wa pili saluni saa 4 hadi 7 mchana. Mkuu na wa video kanisani saa 7:30 mchana hadi saa 5 usiku, mwendo umo. Makundi 15 ya familia, orodha mnileteee siku tatu kabla. Flashi za ukumbini zipo. Morogoro: nauli na malazi ya watu 2 juu yenu.” Mwenyekiti aliusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na katibu akaunakili kwenye daftari la kamati kabla bei haijatajwa.