Umeme ukikatika katikati ya hesabu

Usiku wa manane, kompyuta moja ya mtumba huachwa ikiwaka ofisini. Kazi yake ni kukusanya mauzo ya matawi, kupiga hesabu na kuandaa dashibodi ambayo bosi ataifungua asubuhi kwenye simu: kilichouzwa, mzigo uliobaki, nani anadaiwa. Wafanyabiashara wa kati wameanza kununua mzigo na kukopesha wateja kwa kuitazama dashibodi hiyo. Umeme unaokatika bila taarifa na mtandao unaopotea haviwezi kuondolewa na mwenye duka. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba vikitokea, takwimu zinachelewa tu, hazidanganyi.

Takwimu zilizochelewa zina hasara ndogo, maana kila mtu anajua ni za jana. Hatari iko kwenye takwimu nusu zinazoonekana kamili. Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, lenye matawi Buzuruga, Igoma na Nyegezi, na ghala moja la saruji. Ijumaa ghala lilifungua na mifuko 400. Buzuruga iliuza 60, Igoma 50, Nyegezi 120. Iliyobaki ni 170, na utaratibu wa duka ni kuagiza mzigo mpya ikishuka chini ya 200.

Programu yao hufanya kazi saa tisa usiku, nayo imeandikwa kwa njia iliyozoeleka: inafuta jedwali la zamani, kisha inajaza upya tawi moja baada ya jingine. Umeme ukakatika Buzuruga na Igoma zikiwa zimeshaingia, Nyegezi bado. Asubuhi dashibodi inaonyesha mifuko 290. Mauzo yanasomeka shilingi 4,250,000, wakati ukweli ni 7,150,000. Hakuna alama nyekundu wala ujumbe wa kosa. Bosi anaahirisha oda hadi wiki inayofuata, na saruji inamwishia huku mafundi wamesimama kaunta.

Tiba haihitaji kompyuta mpya. Programu isiguse kabisa ukurasa unaosomwa na bosi hadi ule mpya uwe umekamilika pembeni. Kwenye Linux, mstari mmoja unatosha:

```
python3 kokotoa.py > mpya.html && sync mpya.html && mv mpya.html dashibodi.html
```

Alama ya `&&` maana yake hatua inayofuata haianzi kama iliyotangulia imeshindwa. `sync` inalazimisha maandishi yashuke kwenye diski badala ya kubaki kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukienda. `mv` hubadilisha jina tu, mradi faili zote mbili ziko kwenye folda moja, kwa hiyo msomaji hukuta ukurasa wa zamani ulio kamili au mpya ulio kamili. Hakuna wa katikati.

Hifadhidata nayo ina kinga ya namna hiyo. Kwenye SQLite, ambayo maduka mengi yanaweza kuitumia bila malipo, kazi yote ya kufuta na kujaza iwekwe kati ya `BEGIN` na `COMMIT`. Umeme ukikatika kabla ya `COMMIT`, hifadhidata ikifunguliwa tena hujirudisha ilivyokuwa mwanzo. Ili ijirudishe hutegemea faili ya pembeni yenye jina linaloishia na `-journal`. Asiyejua huiona baada ya umeme kurudi, akadhani ni takataka na kuifuta. Akifanya hivyo ameondoa kinga yenyewe, na data inaweza kuharibika moja kwa moja.

Mtandao una hila yake, na huu huelekea upande wa pili: badala ya kupunguza mauzo, unayaongeza. Tawi la Igoma linatuma risiti za siku. Zinafika ofisini, lakini mtandao unakatika kabla ya jibu la kupokelewa kurudi. Kompyuta ya Igoma, kwa kuwa haikupata jibu, inatuma tena. Ofisi ikizipokea kama mpya, mauzo ya Igoma yamekuwa mara mbili. Kupunguza majaribio ya kutuma si suluhisho, kwani mtandao dhaifu unahitaji kujaribu tena na tena. Suluhisho ni kila risiti kuwa na utambulisho usiojirudia, jina la tawi pamoja na namba ya risiti, na hifadhidata kukataa kuipokea mara ya pili:

```
INSERT INTO mauzo (tawi, risiti, kiasi)
VALUES (?, ?, ?)
ON CONFLICT (tawi, risiti) DO NOTHING;
```

Jedwali lazima liwe limeundwa na `UNIQUE (tawi, risiti)`, la sivyo amri hiyo itakataliwa. Kama kila bidhaa kwenye risiti ina mstari wake, namba ya mstari nayo iingie kwenye utambulisho, vinginevyo bidhaa ya pili itatupwa kana kwamba imejirudia.

Inabaki saa tisa yenyewe. Kompyuta ikiwa imezimika muda huo, ratiba ya kawaida ya `cron` huipita zamu bila kuifidia. Ratiba za systemd zinaweza kuagizwa zifidie mara kompyuta inapowaka:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 03:00:00
Persistent=true
```

Kwenye Windows, ndani ya Task Scheduler, weka alama kwenye `Run task as soon as possible after a scheduled start is missed`. Anayetumia laptopu aondoe pia alama kwenye `Start the task only if the computer is on AC power`, ambayo kwa kawaida huja imewekwa. Wengi hununua laptopu ya mtumba kwa sababu ya betri yake, kisha alama hiyo inazuia kazi kuanza umeme usipokuwepo.

Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina kasoro nyingine: betri ndogo ya duara kwenye ubao wake, CR2032, ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi miaka ya nyuma. Utaitambua kwa dalili mbili. Tovuti salama zinakataa kufunguka ingawa mtandao upo, na mauzo ya leo yanaingia kwenye mwaka uliopita zamani. Betri hiyo ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Biashara ambayo data yake yote iko kwenye seva za ng'ambo hubaki gizani siku kama hiyo. Iliyo na nakala ofisini huendelea kupiga hesabu, hata kama faili za matawi zitaletwa kwa flashi.

Nakala hiyo haiwezi kuonyesha mauzo ya tawi ambalo halijatuma, kwa hiyo dashibodi iandike kando ya kila tawi muda wa risiti yake ya mwisho. Bosi akisoma «Nyegezi: hadi Alhamisi saa 12 jioni», atapiga simu Nyegezi kabla ya kuamua chochote kuhusu saruji.

Kabla hujamlipa fundi aliyekutengenezea mfumo, weka nakala ya data pembeni. Mwambie aanzishe kazi, kisha wewe mwenyewe uchomoe waya wa umeme hesabu ikiwa katikati. Kwenye laptopu, toa na betri kama inatoka. Iwashe, kazi ianzishwe tena, subiri imalize, ulinganishe jumla ya kila tawi na vitabu vya risiti. Rudia kwa kuzima ruta tawi linapotuma. Jumla zikilingana mara zote mbili, mlipe.