Rangi ya Asha, deni la Bakari

Orodha ya ada ina wanafunzi 40, mstari wa 2 hadi wa 41, na safu ya D inaonyesha salio. Karani anataka kila anayedaiwa awe mwekundu. Anachagua kuanzia A1 hadi D41, vichwa vya safu vikiwemo, kisha kwenye Conditional Formatting ya Excel anaandika kanuni hii:

```
=$D2>0
```

Inaonekana kufanya kazi. Orodha imepangwa kwa deni, wadaiwa 12 wako juu, na juu ndiko kwenye wekundu. Siku ya pili anaipanga upya kwa majina. Asha, aliyemaliza ada, amewaka. Bakari anayedaiwa 85,000 hapo chini yake ni mweupe. Karani analaumu kupanga.

Kupanga hakuna kosa. Excel haisogezi rangi hizi pamoja na data, tofauti na rangi iliyopakwa kwa mkono. Kanuni hubaki kwenye eneo lake, na kila seli huuliza upya swali lake. Swali ndilo lililopinda tangu mwanzo. D2 iliandikwa seli hai ikiwa A1, kwa hiyo kwa Excel maana yake ni “salio la mstari ulio chini yangu”. Mstari wa 1 ukasoma wa 2, wa 2 ukasoma wa 3, na kuendelea. Wadaiwa walipokuwa wamekaa pamoja, kosa lilijificha kingoni: vichwa vilikuwa vyekundu, kama pambo tu, na mdaiwa wa mwisho, mstari wa 13, akabaki mweupe. Majina yalipowatawanya, kila deni likaangukia jirani wa juu.

Makosa ya upande wa pili yana dalili yake. Ukiandika `=$D1>0` ukiwa A2, mwanafunzi wa kwanza huwa mwekundu hata akilipa yote, kwa sababu Excel huhesabu neno “Salio” kuwa kubwa kuliko namba yoyote.

Dawa ni kufuta kanuni kwenye Manage Rules, kubofya A2, kuburuta hadi D41, na kuandika `=$D2>0` upya. Uburutaji uanzie juu: ukianzia chini, seli hai huwa ya mstari wa 41, na D2 itahesabiwa kutoka huko.

Kunakili mistari kuna ugonjwa mwingine. Kanuni yenye `$D$2`, alama ya dola mbele ya namba pia, hubandikwa popote ikiendelea kutazama D2 ileile, na mwanafunzi mmoja huwaamulia rangi wenzake wote. Hata kanuni nzuri hukatika vipandevipande mstari ulionakiliwa unapoingizwa katikati. Kwenye Manage Rules, chagua This Worksheet, utazame Applies to: badala ya eneo moja utakuta maeneo yenye koma, au kanuni ileile mara tatu. Anayetaka namba tu abandike kwa Paste Special, Values.