Je, Wajua? Nyuzi 178 za kwenye Boksi

Maboksi ya runinga za vioo vya VA na IPS mara nyingi huandikwa pembe ya kutazama ya nyuzi 178 sawasawa. Kipimo hicho huishia pale weupe unapouzidi weusi kwa mwanga mara 10 tu. Kabla ya hapo rangi huwa zimeshafifia.

Katika sebule pana ya Ruangwa, kiti kilicho mita 2 mbele ya runinga na mita 2 kando ya katikati yake huitazama kwa nyuzi 45. Hapo mechi ya Namungo kwenye VA hupauka, nyasi na jezi pia. IPS hupoteza kidogo.

Taa zikizimwa, IPS ndiyo huaibika: weusi wake huwa kijivu hata kwa aliyekaa katikati.

Dukani, sura ya mtangazaji ikipauka mnunuzi anaposogea kando, huenda kioo ni VA.