Video Moja, Nakala Tatu

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Yangu ilipokaribia kujaa, nilifungua drive.google.com/drive/quota kwenye kompyuta. Ukurasa huo hupanga faili kuanzia kubwa kabisa.

Juu kabisa nilikuta video ya harusi ya dada yangu, GB 2, mara tatu. Mtandao ulikuwa ukiyumba, nami nikadhani haijafika, nikaipakia tena. Majina yalitofautiana kwa (1) na (2) tu. Nililinganisha ukubwa, nikazitazama zote, nikabakiza moja.

Kumbuka kumwaga kapu la taka: vilivyomo huendelea kula nafasi kwa siku 30, kisha hufutika.